Nahitaji ngapi kwenye mtihani? Fomula inayojirekebisha kila alama mpya inapoingia

*"Habari mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni hapa Nairobi. Kozi moja ina CAT 1 yenye uzito wa 10, CAT 2 yenye 15, zoezi lenye 5 na mtihani wenye 70. Nataka jumla ya 60 ili nipate B. Mpaka sasa nina CAT 1 pekee, 15 kwa 30. Fomula yangu ni =(60-AVERAGE(B2:B4)*0.3)/0.7, alama nikiziweka kwa asilimia, na inasema nahitaji 64.29 kwenye mtihani. Rafiki yangu anatumia SUM, yake inasema 78.57. Alama ni zile zile. Nani amekosea, na nifanyeje ili fomula ijibadilishe yenyewe alama zikiendelea kuingia?"*

Hesabu zenu zote mbili ziko sawa. Mnachotofautiana ni jinsi kila fomula inavyozichukulia alama ambazo hazijatoka, na hilo hamkulichagua nyinyi. Lilichaguliwa na SUM na AVERAGE bila kuwauliza.

SUM ikikutana na seli tupu huihesabu kama sifuri. Kwa hiyo fomula ya rafiki yako inachukulia kwamba CAT 2 umepata sifuri na zoezi umepata sifuri, kisha inauliza mtihani peke yake ubebe pengo lote. Una pointi 5 kutoka CAT 1, zimebaki 55 kufika 60, na 55 gawanya kwa 70 ni asilimia 78.57. AVERAGE nayo huiruka seli tupu kana kwamba haipo. Inaona asilimia 50 moja tu ya CAT 1, inaamua wastani wako ni 50, kisha inakupa pointi 15 kati ya 30 za kazi za muhula. Yaani tayari imekupa pointi 10 za CAT 2 na zoezi ambazo hujazifanya. Ndiyo maana jibu lako ni jepesi zaidi.

Yako ina tatizo la pili ambalo litajitokeza hata alama zote zikishaingia. AVERAGE hugawa sawa kwa sawa, lakini CAT 2 ina uzito mara tatu ya zoezi. Tuseme mwishoni una asilimia 50 ya CAT 1, 65 ya CAT 2 na 80 ya zoezi. AVERAGE itasema 65, na 65 mara 0.3 ni 19.5. Ukweli ni 5 kujumlisha 9.75 kujumlisha 4, ambayo ni 18.75. Robo tatu ya pointi inaonekana ndogo, ila utaona hapa chini kwamba ndiyo inayoamua kama una B au C. AVERAGE ingekuwa sahihi kama maelezo ya kozi yangesema kazi zote za muhula hulingana, au kwamba mhadhiri huchukua wastani wa CAT zote na kuupunguza hadi 30. Wapo wanaofanya hivyo. Kwa uzito ulioutaja wewe, haifai.

Tuanze basi na mpangilio wa jedwali, maana fomula nzuri juu ya mpangilio mbovu haisaidii. Acha kuweka asilimia. Andika alama kama zilivyo kwenye karatasi uliyorudishiwa, na uache jedwali lifanye ubadilishaji. Safu wima A iwe jina la kazi, B alama ulizopata, C alama za juu kabisa za kazi hiyo, na D uzito wake. Safu mlalo ya 2 iwe CAT 1, ya 3 CAT 2, ya 4 zoezi, ya 5 mtihani:

```
      A         B     C     D
1     Kazi      Pata  Juu   Uzito
2     CAT 1     15    30    10
3     CAT 2           20    15
4     Zoezi           10    5
5     Mtihani         70    70
```

Zingatia kwamba B3, B4 na B5 ziko tupu kabisa. Mtihani nao upo ndani ya jedwali kama kazi nyingine yoyote, haukuwekwa pembeni. Hilo ndilo litakalofanya fomula moja ikufae kuanzia wiki ya kwanza hadi siku ya matokeo.

Safu wima C ijazwe yote mapema, hata kwa kazi ambazo hazijafika. Kama hujui CAT 2 itakuwa ya alama ngapi, weka 20 au 100, chochote isipokuwa sifuri. Maadamu B3 ni tupu, namba hiyo haibadilishi jibu, ila C3 ikiwa tupu utakuwa unagawanya kwa sifuri na jedwali litakuletea `#DIV/0!`. Siku CAT itakaporudi, irekebishe C3 kabla ya kuandika alama.

Chini ya jedwali, andika lengo lako, 60, kwenye B7. Halafu B8 iwe pointi ambazo tayari ziko mfukoni:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5/C2:C5*D2:D5)
```

SUMPRODUCT hupita safu moja baada ya nyingine. Hugawanya 15 kwa 30, huzidisha kwa 10, hupata 5. Kwa safu zilizo tupu hupata sifuri, na hapa sifuri haina madhara kwa sababu swali la B8 ni "umeshapata nini", si "utapata nini". Hujapata kitu bado, basi ni sifuri kweli.

Kazi ya kutofautisha tupu na sifuri inafanywa na B9, inayohesabu uzito ambao bado haujaamuliwa:

```
=SUMPRODUCT((B2:B5="")*D2:D5)
```

Kipande cha `B2:B5=""` kinauliza kila seli: wewe ni tupu? Anayejibu ndiyo hugeuka 1 akizidishwa, anayejibu hapana hugeuka 0. Kwa hiyo uzito wa safu tupu pekee ndio unaojumlishwa. Sasa hivi ni 15 na 5 na 70, yaani 90. Kitu cha kupendeza ni kwamba sifuri iliyoandikwa haitambuliwi kama tupu. Ukikosa CAT 2 na mhadhiri akakuandikia 0, andika 0 kwenye B3 na uzito wake wa 15 utatoka kwenye B9, kama inavyostahili. Ukisubiri kufanya CAT ya marudio, acha tupu.

Kisha B10 ndiyo jibu lenyewe:

```
=IF(B9=0,"Zimekamilika",(B7-B8)/B9*100)
```

Pengo lililobaki gawanya kwa uzito uliobaki. Kwako ni 55 kwa 90, yaani asilimia 61.11. Namba hii inakuambia: ukipata wastani wa asilimia 61.11 katika kila kitu kilichobaki, unafika 60 kamili. Ni takriban 12.2 kwa 20 kwenye CAT 2, 6.1 kwa 10 kwenye zoezi, na 42.8 kwa 70 kwenye mtihani. Haikupi alama usizofanya kama AVERAGE, na haikunyimi ambazo bado unaweza kuzipata kama SUM. IF imewekwa mwanzoni kwa ajili ya siku ambayo hata mtihani umeingia: B9 inakuwa sifuri na bila IF ungepata tena `#DIV/0!`.

Kwa vile mitihani mingi ya vyuo vyetu husahihishwa kwa 70 na si kwa 100, asilimia peke yake inachanganya. Mtu anaona 61 na kuanza kuitafuta kwenye karatasi ya alama 70. Basi B11 iibadilishe iwe alama halisi za karatasi:

```
=IF(B5<>"","",MAX(0,ROUNDUP(ROUND(B10*C5/100,6),0)))
```

Kwako itaonyesha 43. Nimetumia ROUNDUP kwa makusudi, na huu ndio mahali ambapo watu wengi hupoteza daraja bila kujua. Turudi kwenye ule mfano: zoezi limerudi 8 kwa 10, CAT 2 imerudi 13 kwa 20. B8 ni 18.75 na unachohitaji kwenye mtihani ni 41.25. ROUND ya kawaida ingeshusha hadi 41. Ukipata 41 unaishia 59.75, na kama idara haipandishi desimali, hiyo ni C. ROUNDUP inasema 42, na 42 inakufikisha 60.75. Ile fomula yako ya AVERAGE ingehitaji 40.5, ungejiambia 41 inatosha, na ungebaki pale pale 59.75.

ROUND ya ndani, ile ya desimali 6, ni kinga dhidi ya tabia ya kompyuta. Kompyuta huhifadhi desimali kwa mfumo wa jozi, na jibu ambalo kwa kalamu ni 42 kamili huenda ndani yake likawa 42 na chembe fulani mbali sana kulia. Huioni kwenye skrini, lakini ROUNDUP ikiiona inaweza kupandisha hadi 43. Kuikata kwanza kwenye desimali ya 6 kunaiondoa.

Sasa tuone fomula ikijibadilisha. Ukiandika 8 kwenye B4, B8 inapanda hadi 9, B9 inashuka hadi 85, na B10 inakuwa 51 kwa 85, yaani asilimia 60 kamili. Karatasini ni 42. Ukiandika 13 kwenye B3, B8 inakuwa 18.75, B9 inabaki 70 tupu ya mtihani, na B10 inasema 58.93. Hapo hakuna tena wastani wa kazi zilizobaki, kwa sababu kilichobaki ni mtihani peke yake. Fomula ile ile iliyokuwa ya makadirio wiki ya nne imegeuka kuwa jibu kamili la mtihani, na hukugusa chochote isipokuwa seli za alama.

Fomula ya rafiki yako usiitupe, ina kazi yake. Inaonyesha hali mbaya kuliko zote: mtihani utadai nini ikiwa hutapata hata pointi moja nyingine kabla yake. Ukiiweka pamoja na ndugu yake wa hali nzuri kuliko zote, ambapo CAT 2 na zoezi umepata zote, unajua mipaka miwili ambayo jibu la kweli halitaivuka. Weka hali mbaya kwenye B12 na hali nzuri kwenye B13:

```
=(B7-B8)/D5*C5
=(B7-B8-(B9-D5))/D5*C5
```

Kwako leo ni 55 na 35 kwa 70. Zoezi likirudi na 8, mipaka inakuwa 51 na 36. CAT 2 ikirudi na 13, zote mbili zinakutana kwenye 41.25. Namba hizi mbili, kwa maoni yangu, zina faida kuliko ile moja ya katikati unapoamua muda wako. Ukiona hali nzuri kabisa bado inadai 60 kwa 70, lengo hilo linategemea mtihani karibu wote, na ni heri ujue mapema. Mipaka hii iangalie kabla mtihani haujaingia tu. B5 ikishajazwa haina maana tena.

Watu wengi hupenda kuongeza MIN ili B10 isionyeshe zaidi ya 100. Nakushauri usifanye. Ikionyesha 104, inakuambia lengo limekupita kwa kiasi kidogo, na pengine ushushe lengo hadi 58 uone. Ikionyesha 160, hilo ni jambo jingine kabisa. Ukiikata kwenye 100, hali zote mbili zinafanana na mtu mwenye nafasi ya kufaulu akipata zote.

Kama ungependa kuona madaraja yote kwa pamoja, andika 70, 60, 50 na 40 kwenye A15 hadi A18, kisha kwenye B15 weka hii na uiburute hadi B18:

```
=ROUNDUP(ROUND((A15-$B$8)/$B$9*$C$5,6),0)
```

Alama za dola zinazuia B8, B9 na C5 zisisogee unapoburuta, huku A15 ikiruhusiwa kuwa A16, A17 na kuendelea. Ukisahau dola, safu ya kwanza itakuwa sawa na zinazofuata zitaharibika, na hilo ndilo la kwanza kuangalia ukiona namba za ajabu chini ya namba nzuri. Alama zote za muhula zikiwa zimeingia kama kwenye mfano wetu, utasoma 52 kwa A, 42 kwa B, 32 kwa C na 22 kwa D. Nimetumia mipaka ya 70, 60, 50 na 40 kwa sababu ndiyo iliyozoeleka kwenye kozi nyingi za hapa, ila hakikisha kwenye mwongozo wako. Udaktari, kwa mfano, mara nyingi hufaulisha kwa 50.

Hiyo 42 unaweza kuishusha hadi kwenye maswali yenyewe. Karatasi nyingi za mtihani chuoni huwa na swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha unachagua mawili kati ya yaliyobaki, kila moja alama 20. Ukipata 20 kwenye la lazima, unahitaji 11 katika kila moja ya yale mawili. Ukiteleza kwenye la lazima na kupata 14, yale mawili yanadai 14 kila moja, ambayo si mchezo.

Tuje kwenye yanayoharibika. Kubwa ni jinsi alama zinavyoandikwa. Ukiandika `8/10` kwenye B4, Excel na Google Sheets hudhani unataja tarehe, tarehe 8 Oktoba au 10 Agosti kutegemea mipangilio ya nchi kwenye kompyuta yako. Tarehe ndani ya jedwali ni namba ya siku tangu mwanzo wa kalenda yake, na za miaka hii ni zaidi ya 45,000. Basi jedwali linaamini umepata alama elfu arobaini na tano kwa 10, B10 inakuwa hasi ya maelfu, na B11, kwa sababu ya ile MAX, inaonyesha 0 kwa utulivu kabisa. Ukiona unahitaji sifuri kwenye mtihani na bado mko nusu ya muhula, usifurahi kabla ya kutazama B10. Kwenye safu wima B huandikwa 8 tu, na ile 10 iko C tayari. Seli ikishageuka kuwa tarehe, kuandika 8 juu yake kutaendelea kuonyesha tarehe, kwa hiyo ibadilishe muundo wa seli kuwa namba kwanza.

La pili ni kufuta alama kwa kubonyeza nafasi badala ya Delete. Seli inaonekana tupu machoni, lakini ina herufi moja isiyoonekana ndani. B9 haiioni kama tupu, na B8 inashindwa kuigawanya, unapata `#VALUE!`. Vivyo hivyo ukiandika "bado" kwenye seli ya CAT ambayo haijatoka. Ipo njia ya kuandika B8 ili ivumilie maneno, `=SUMPRODUCT(B2:B5,D2:D5/C2:C5)`, ambapo maandishi huhesabiwa kama sifuri kimyakimya. Siipendi. Neno "bado" lingehesabiwa kama sifuri uliyoipata na uzito wake ungetoka kwenye B9, na hapo umerudi kwenye kosa la SUM bila onyo lolote. Heri fomula ipige kelele.

Kelele hizo unaweza kuzizuia mlangoni. Chagua B2 hadi B5, fungua menyu ya `Data`, kisha `Data validation`, chagua fomula maalum na uweke:

```
=AND(ISNUMBER(B2),B2>=0,B2<=C2)
```

Halafu chagua kukataa ingizo lisilofaa. Tarehe itakataliwa kwa sababu ni kubwa kuliko C, maneno na nafasi tupu yatakataliwa kwa sababu si namba, na hata 31 kwa 30 haitapita. Kuifuta seli kwa Delete bado kunaruhusiwa.

La tatu ni uzito. Andika 10, 15, 5 na 70, si 10%. Ukiweka alama ya asilimia, jedwali huhifadhi 0.1, ilhali lengo lako limebaki 60, na B10 itakuambia unahitaji asilimia 6,661. Ukiona maelfu chanya, angalia hapo. Pia weka `=SUM(D2:D5)` kwenye D6. Isiposema 100, kuna kazi umeisahau au umeihesabu mara mbili, na majibu yote ya chini ni ya uongo hata kama yanaonekana ya kawaida.

La nne linawapata wanaoweka kila kozi kwenye ukurasa wake kisha kuvuta alama hadi ukurasa mmoja wa muhtasari. Kwenye Excel, fomula inayosoma seli tupu ya ukurasa mwingine huleta 0, si utupu. Kwa hiyo kila CAT ambayo haijatoka itageuka sifuri kwenye muhtasari. Fanya hesabu zote ndani ya ukurasa wa kozi, na kwenye muhtasari vuta B10 na B11 pekee.

Na kama unanakili fomula hizi kwenye simu, hakikisha alama za nukuu zimebaki zilizonyooka. Baadhi ya kibodi hubadilisha `""` kuwa zilizopinda, na fomula hukataa. Jedwali likilalamika kuhusu mkato, jaribu nukta-mkato `;` kati ya sehemu za IF, maana mipangilio ya baadhi ya nchi hutumia mkato kama desimali.

Kuna mambo ambayo jedwali haliwezi kukuambia, na hayo yanahitaji uende ofisini. La kwanza ni kanuni ya kozi yenyewe. Kuna wahadhiri wanaotoa CAT tatu na kuchukua mbili bora, na kuna idara zinazotaka upate kiwango fulani kwenye mtihani wenyewe hata kama jumla yako inatosha. Ukiwa na kanuni kama hizo, 42 ya jedwali inaweza kuwa sahihi kihesabu na bado ukashindwa. Muulize mhadhiri moja kwa moja: uzito wa kila kazi ni upi, desimali hupandishwa au hukatwa, na kuna kiwango cha chini cha mtihani? Maswali matatu, dakika tano.

La pili ni alama zilizopotea, ugonjwa ambao mwanafunzi yeyote wa hapa anaufahamu. Ulifanya CAT 2, ukarudishiwa karatasi yenye 13, lakini kwenye tovuti ya wanafunzi nafasi yake ni tupu. Kwenye jedwali lako andika 13, kwa sababu hiyo ndiyo alama yako, ila jaribu pia kuweka 0 kwa muda ili ujue utahitaji nini likitokea baya. Kwa mfano wetu, ukiweka 0 kwenye B3, unachohitaji kinapanda kutoka 42 hadi 51 kwa 70. Pengo la alama tisa linatosha kukupeleka kwa mhadhiri na kisha kwa mratibu wa mitihani wa idara kabla ya wiki ya mitihani, ukiwa na karatasi yenyewe iliyosahihishwa na nakala yake. Usiwaachie ile halisi.